Kazi za Bandari, Uchukuzi na Lojistiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njia ya Kufikia Umeneja

Kazi za sekta hii ni nyingi. Ni zipi hasa zinazomfikisha mtu kwenye umeneja?

Nafasi nne za chini zinatoa mameneja wengi kuliko nyingine: karani wa operesheni katika kampuni ya wakala wa forodha, mpangaji wa meli au wa yadi bandarini, mpangaji safari katika kampuni ya malori, na mdhibiti wa akiba ghalani. Ukizitazama kwa nje hazifanani. Mmoja anashinda na makaratasi, mwingine na ramani ya kontena kwenye kioo cha kompyuta, wa tatu na simu za madereva, wa nne na rafu.

Kinachoziunganisha ni kwamba mwenye nafasi hiyo anauona mzigo tangu unaingia hadi unatoka, na anaweza kusema saa au siku zimepotelea wapi. Meneja wa operesheni analipwa kwa kujibu swali hilohilo. Aliyezoea kulijibu kwa mzigo mmoja, akapewa mizigo hamsini, habadilishi fani. Anabadilisha ukubwa wa meza tu.

Kazi zinazokwamisha ni zile zinazogusa kipande kimoja tu: kupeleka hati kutoka ofisi moja hadi nyingine, kuhesabu shehena inaposhuka bila kujua inakwenda wapi, kufungua na kufunga geti. Ni kazi za heshima na bandari haiendi bila hizo, ila mtu anaweza kuzifanya miaka kumi na asione faili zima hata mara moja.

Mashine zimechukua kazi za mikono bandarini. Inakuwaje watu wanasema ajira zinaongezeka?

Yote mawili ni kweli. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya *Ideal X* ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na kontena 58 juu ya sitaha. Leo meli kubwa za kontena zinabeba zaidi ya TEU 24,000, yaani ujazo wa kontena 24,000 za futi 20. Mzigo uliokuwa ukibebwa na magenge ya wapagazi, gunia kwa gunia, sasa unanyanyuliwa na kreni kwa dakika mbili au tatu. Wapagazi wamepungua.

Lakini kila kontena linalonyanyuliwa lina namba, uzito, mwenyewe, hati, mahali pa kukaa yadini, lori la kulichukua na tarehe ya kurudishwa tupu. Mtu lazima avipange vyote hivyo kabla meli haijafunga gatini. Kazi imehama kutoka mgongoni kwenda kwenye mpango, na ndiko nafasi zinakofunguka.

Karani wa operesheni kwa wakala wa forodha anafanya nini hasa?

Anamiliki faili. Faili linaanza meli ikiwa bado baharini. Anapokea rasimu ya hati ya shehena, ankara ya bidhaa na orodha ya vifurushi, kisha anazilinganisha mstari kwa mstari: jina la mpokeaji, idadi ya vifurushi, uzito, namba za kontena na namba za lakiri. Baada ya hapo anaandaa tamko la forodha, anafuatilia kodi, anachukua kibali cha kutolea mzigo kwa wakala wa meli, analipa tozo za bandari, anaagiza malori, halafu anahakikisha kontena tupu zimerudi.

Hatua ya kwanza, ya kulinganisha hati, ndiyo inayodharauliwa zaidi. Makarani wengi huitazama rasimu kwa dakika moja na kujibu "sawa". Rasimu ikishapitishwa na hati halisi ikatolewa, kosa la tarakimu moja haliondoki kwa kufuta. Linahitaji maombi ya marekebisho kwa wakala wa meli, idhini kutoka upande wa bandari ya kupakilia, na orodha ya shehena iliyorekebishwa kufika forodha.

Namba ya kontena nayo ina mtego wake. Ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile kumi za mbele. Mtu akikosea kuandika, mara nyingi ile ya mwisho inakataa kulingana na nyingine na mfumo unaikataa namba nzima. Ukiona namba imekataliwa, usikimbilie kulaumu mtandao. Rudi ukasome mlango wa kontena au picha yake.

Mnaweza kutoa mfano wa jinsi siku zinavyopotea?

Chukua mzigo wa kontena 10 za futi 40, zote kwenye tamko moja la forodha. Bandari inatoa siku 7 bila tozo ya kuhifadhi, kuanzia siku ya kushushwa. Mambo yakaenda hivi:

Tarehe 1 kontena zote zimeshushwa. Tarehe 2 tamko limewasilishwa. Tarehe 3 forodha wamelisimamisha: hati ya shehena inasema kilo 214,600, orodha ya vifurushi inasema 241,600. Tarakimu mbili zimepishana. Marekebisho yamekamilika tarehe 6, kodi ikalipwa tarehe 7. Kontena mbili zimechaguliwa kukaguliwa, na ukaguzi umechukua tarehe 8 na 9. Kwa kuwa tamko ni moja, nane zilizobaki zimesubiri pamoja nazo. Tarehe 10 mzigo umeruhusiwa kutoka, lakini malori yaliyopatikana ni manne, kila moja likimudu safari moja kwa siku. Zikatoka kontena 4 tarehe 10, nyingine 4 tarehe 11, na 2 tarehe 12.

Sasa hesabu. Muda wa bure umeishia tarehe 7. Kontena 4 zimezidisha siku 3 kila moja, ni siku-kontena 12. Nne nyingine zimezidisha siku 4, ni 16. Mbili za mwisho zimezidisha siku 5, ni 10. Jumla 38.

Kwenye kikao, lawama zitaangukia malori na ukaguzi kwa sababu ndivyo vilivyoonekana mwishoni. Ondoa kosa la uzito uone. Kila kitu kinarudi nyuma siku 3: kodi tarehe 4, ukaguzi tarehe 5 na 6, kontena za kwanza zinatoka tarehe 7. Nne za mwanzo hazina tozo, nne zinazofuata zimezidisha siku 1, mbili za mwisho siku 2. Jumla 8. Kwa hiyo 30 kati ya zile 38 zimetokana na rasimu iliyopitishwa bila kusomwa, wiki kadhaa kabla meli haijafika. Uhaba wa malori umeleta 8. Ukaguzi wenyewe, kama rasimu ingesomwa, ungeingia ndani ya siku za bure usigharimu kitu.

Karani anayeleta jedwali la aina hii kwa mkuu wake, ukurasa mmoja, bila kuombwa, ameshaanza kufanya kazi ya meneja. Anayeandika "mzigo umechelewa kutokana na changamoto za forodha" atabaki kwenye dawati lake.

Na mpangaji wa meli au wa yadi? Mbona kazi yake haionekani?

Haionekani ikienda vizuri. Mpangaji wa meli anaamua kreni ipi ishushe kontena zipi na kwa mfuatano gani. Mpangaji wa yadi anaamua kila kontena likae wapi, ili siku lori likija lisilazimu kuhamishwa kontena tatu za juu ndipo lile linalotakiwa lifikiwe.

Tuseme meli ina minyanyuo 1,200, kushusha na kupakia, na gatini kuna kreni 3 zinazofanya minyanyuo 25 kwa saa kila moja. Mgeni atagawa: 1,200 kwa 75, meli itaondoka baada ya saa 16. Mpangaji mzoefu anauliza kwanza minyanyuo hiyo imekaaje ndani ya meli. Ikiwa 500 iko sehemu moja ambayo kreni moja tu inaweza kuifikia, kreni hiyo inahitaji saa 20. Nyingine mbili, zenye 350 kila moja, zitamaliza kwa saa 14 na kusimama. Kreni mbili haziwezi kubanana juu ya sehemu moja. Lazima kuwe na nafasi kati yake. Meli itaondoka kwa saa ya kreni iliyo nyuma, na kuongeza kreni ya nne hakutasogeza saa hata moja.

Dawa yake haiko gatini. Iko kwenye mpango wa upakiaji wa bandari zilizotangulia, na mpangaji anapaswa kuliona tatizo pale mpango wa meli unapotumwa, kabla haijafika, azungumze na wakala wa meli mapema. Mtu wa namna hii, baada ya zamu nyingi, ndiye anayefaa kuwa msimamizi wa zamu, kisha meneja wa operesheni za gati. Tunaiona hii kuwa njia ya haraka kuliko zote ndani ya bandari yenyewe, na ajabu ni kwamba waombaji ni wachache, labda kwa kuwa jina la cheo halina mvuto.

Kampuni za malori: je, kupanga safari si kazi ya kupiga simu tu?

Ni ya kupiga simu ikiwa humo ndani hakuna anayeandika saa. Kampuni yenye malori 12 ambayo mzunguko mmoja, kupakia hadi kurudi kupakia tena, unachukua siku 6, inapata safari 60 kwa siku 30. Mzunguko ukirefuka hadi siku 7 na nusu, safari zinashuka hadi 48. Zimepotea safari 12 na hakuna lori hata moja lililoharibika.

Mpangaji safari mzuri anaugawa mzunguko vipande: kusubiri kupakia, njiani kwenda, mizani na mpaka, kusubiri kushusha, kurudi. Kwa kila kipande anaandika saa ya kuingia na ya kutoka. Wiki tatu zinatosha kuonyesha picha. Mara nyingi muda haupotei njiani, unapotea getini kwa mteja: lori limefika jioni, ghala limefungwa, limeshushwa kesho yake mchana. Hapo hakuna haja ya kumfokea dereva wala kununua lori jipya. Unabadilisha saa ya kuondoka, au unakubaliana na mteja kuhusu tozo ya kusubiri na kuiandika kwenye mkataba.

Mpangaji aliyezoea kutetea hoja zake kwa saa zilizoandikwa hupanda kuwa meneja wa magari, kisha meneja wa uchukuzi. Akijua pia kusoma gharama ya mafuta, matairi na matengenezo kwa kilomita, hakuna wa kumzuia.

Mdhibiti wa akiba ghalani ana nafasi gani?

Nzuri, mradi asigeuke karani wa kuhesabu mwisho wa mwaka. Anayehesabu rafu chache kila siku, akazunguka ghala lote kwa mzunguko, anakuta tofauti ikiwa bado mbichi na anaweza kuifuatilia hadi kwenye tukio lake: kifurushi kimewekwa rafu isiyo yake, katoni zimepokelewa kama vipande, au mzigo umetoka kabla hati haijaingizwa. Anayesubiri hesabu ya mwaka anakuta tofauti isiyo na historia, na haina tena wa kuijibu.

Mimi ni mwendesha kreni. Nitaishia kwenye kibanda cha kreni?

Si lazima, lakini njia haifunguki yenyewe. Mwendesha mashine hodari ana ujuzi ambao mpangaji hana: anajua kwa nini minyanyuo 25 kwa saa inageuka 18. Tatizo ni kwamba ujuzi huo uko mikononi, hauko kwenye karatasi. Anza kuandika sababu za kusimama kwa kila zamu, na dakika zake: kusubiri trela la yadini, kufuli za kontena zilizokwama, kufungua kifuniko cha ngama, upepo. Omba kukaa na mpangaji siku zako za kubadilishana zamu. Hatua ya kwanza ni kiongozi wa genge au msimamizi wa gati. Ukiruka hiyo ukataka ofisi moja kwa moja, utashindana na watu wa kompyuta kwenye uwanja wao.

Dereva wa lori naye ni hivyohivyo: msimamizi wa madereva au mkufunzi wa usalama, ndipo upangaji safari.

Waliotoka baharini wana njia yao?

Ndiyo. Nahodha na maofisa wa sitaha huingia kwenye urubani wa bandari, ukuu wa bandari na usimamizi wa meli upande wa nchi kavu. Wahandisi wa meli huwa wasimamizi wa ufundi wa meli kadhaa kwa pamoja. Vyeti vyao vya baharini ndivyo vinavyowafungulia mlango, kwa hiyo asiyekuwa na muda wa baharini asijihesabu katika njia hii.

Mauzo ya huduma za usafirishaji je? Yanalipa na yana cheo.

Yanalipa, na meneja wa biashara hutokea huko. Ila muuzaji ambaye hajawahi kushika faili huahidi siku zisizowezekana, na operesheni ndiyo inayobeba aibu. Mwaka mmoja au miwili kwenye faili kabla ya kuhamia mauzo ni akiba kubwa.

Nisome cheti gani, na lini?

Anza na leseni au cheti cha uwakala wa forodha kinachotambuliwa na mamlaka ya nchi unakofanyia kazi, kama uko upande huo. Bila hicho huwezi kutia saini, na asiyetia saini hamiliki faili. Stashahada ya usafirishaji wa shehena ya FIATA, shirikisho la kimataifa la mawakala wa usafirishaji, inatambuliwa kimataifa na inafaa sana ukiwa tayari na mwaka au miwili ya kazi, kwa sababu utaielewa. Ngazi za kitaaluma za CILT, taasisi ya kimataifa ya wataalamu wa lojistiki na uchukuzi, zinamfaa anayelenga usimamizi wa uchukuzi na ugavi kwa upana. Kwa walio ndani ya mamlaka za bandari kuna mpango wa usimamizi wa bandari wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ulioandaliwa mahususi kwa mameneja wa ngazi ya kati. Huko hupelekwa na mwajiri, kwa hiyo jambo la kuuliza ofisini ni kama bandari yenu imo kwenye mtandao huo.

Shahada inasaidia kuingia. Haisaidii kusoma rasimu.

Kwenye usaili wa nafasi ya usimamizi wanauliza nini?

Hupenda swali dogo la hesabu lenye mtego. Mfano: "Bidhaa ni kilo 21,500, palati na mbao za kuzuia mzigo ni kilo 900, kontena tupu la futi 40 ni kilo 3,800. Uzito uliothibitishwa ni ngapi?" Jibu ni 26,200. Wengi husema 22,400 kwa kusahau kontena lenyewe, na wengine 25,300 kwa kusahau palati. Tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kontena lililojazwa halipakiwi melini bila uzito huo. Unapatikana kwa kupima kontena zima, au kwa kujumlisha kila kilichomo pamoja na uzito wa kontena ulioandikwa mlangoni.

Kisha huja swali la pili, lililo gumu zaidi: "Uzito uko ndani ya kikomo cha kontena. Je, mzigo unaweza kwenda?" Anayejibu ndiyo papo hapo ameshindwa. Kikomo cha kontena, ambacho kwa nyingi ni kilo 30,480, si kikomo cha barabara. Lori linapimwa kwa ekseli, na mzigo uliorundikwa mbele unaweza kuzidisha ekseli moja ilhali jumla iko sawa. Jibu la msimamizi linaanza kwa kuuliza mzigo umepangwaje ndani.

Nimepandishwa cheo. Wasimamizi wapya hukosea wapi?

Wanaendelea kushika mafaili. Aliyekuwa karani bora hujikuta akisahihisha tamko la kila mtu, na ndani ya mwezi hakuna anayeangalia mizigo ya wiki ijayo. Dalili yake ni rahisi kuiona: simu zako zote zinahusu mizigo iliyokwisha kushushwa, hakuna hata moja inayohusu meli iliyo bado baharini.

Tengeneza orodha moja ya kila asubuhi yenye safu tano tu: namba ya faili, tarehe ya meli kufika, hatua iliyopo, tarehe ya mwisho ya siku za bure, na jina la mtu anayesubiriwa. Ipange kwa ile tarehe ya mwisho, si kwa jina la mteja wala kwa ukubwa wa mzigo. Faili lililobakiwa na siku 2 na bado halijalipiwa kodi ndilo la kwanza kuzungumzwa. Na safu ya tano iandikwe jina la mtu. Ukiandika "forodha" au "wakala wa meli", hakuna atakayepigiwa simu siku hiyo.